Kinga ya meno kwa raga na ndondi: namna ya kuunda ile ya kuchemsha bila kuiharibu, na ni nani anayehitaji ya kupimwa kwa daktari

Kila msimu wa raga za shule ukikaribia, wazazi na wachezaji huja na maswali yaleyale. Ninunue ile ya dukani ya kuchemsha na kung'ata, au nikapimwe kwa daktari wa meno? Mbona yangu inaanguka nikifungua mdomo? Mbona kijana alikuwa amevaa kinga na jino bado likakatika? Nimeyajibu hapa yote kwa pamoja. Mifano mingi ni ya raga kwa sababu ndiyo ninayoifundisha, lakini hatua hazibadiliki kwa ndondi, taekwondo, hoki au mchezo wowote ambao kiwiko, kichwa au ngumi inaweza kufika mdomoni.

Jambo moja lishike kabla hujatoa pesa. Kinachookoa jino ni unene wa plastiki uliobaki mbele yake baada ya kinga kuundwa, pamoja na kinga yenyewe kukaa mahali pake hata mdomo ukiwa wazi. Rangi, jina la kampuni na maandishi makubwa ya pakiti hayaongezi hata nusu milimita.

Kila aina inakinga kiasi gani?

Madukani na kwa madaktari kuna aina tatu. Ya kwanza huvaliwa jinsi ilivyotoka kiwandani, haibadiliki umbo, na unalazimika kuiuma ili isianguke. Hiyo iache dukani. Ya pili ni ya kuchemsha: unailainisha kwa maji ya moto, unaivaa, nayo inachukua umbo la meno yako. Ya tatu ni ya kupimwa: daktari anachukua alama ya meno yako, fundi wa meno anatengeneza sanamu ya plasta, kisha plastiki iliyolainishwa kwa joto inavutwa au kushindiliwa juu ya sanamu hiyo.

Kwamba kuvaa kinga kunaokoa meno, hilo halina ubishi. New Zealand walianza kulazimisha kinga kwa wachezaji wa raga mwishoni mwa miaka ya 1990, na kufikia 2003 madai ya bima ya meno yaliyotokana na raga yalikuwa yamepungua kwa asilimia 43. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba asiyevaa ana hatari ya kuumia mdomo na meno mara 1.6 hadi 1.9 ya anayevaa.

Swali la kama ya kupimwa inaishinda ya kuchemsha lina ushahidi mchache zaidi, ila unaelekea upande mmoja. Australia walifanya jaribio kwa timu za mpira wa miguu wa Kiaustralia, matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Timu zilizopewa kinga za kupimwa zilipata majeraha ya kichwa, uso na mdomo kwa kiwango cha karibu nusu ya timu zilizoendelea na mazoea yao ya kawaida. Marekani nako, wachezaji wa kikapu wa vyuo vikuu waliovaa kinga za kupimwa waliumia meno mara 0.12 kwa kila nafasi 1,000 za kucheza au kufanya mazoezi, na wasiovaa mara 0.67. Angalia vizuri hapo: utafiti huo wa kikapu unalinganisha ya kupimwa na kutovaa kabisa, kwa hiyo usikubali muuzaji akuambie unaonyesha ya kuchemsha haifai kitu.

Tofauti kubwa kati ya hizi mbili inaonekana ukipima unene. Utafiti wa mwaka 1994 ulikuta kinga za kuchemsha zikipoteza kati ya asilimia 70 na 99 ya unene wa sakafu yake, yaani sehemu ya kung'atia, wakati wa kuundwa. Asilimia 99 maana yake meno ya chini yamekaribia kugusana na ya juu. Mvaaji anahisi ana kinga, na kumbe chini ya jino pamebaki utando. Mara nyingi tatizo ni namna ilivyoundwa, na ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinahusu zaidi kung'ata kidogo na kupima baadaye.

Na mtikisiko wa ubongo? Kinga ya meno haijathibitishwa kuuzuia, iwe ya aina gani. Katika utafiti huohuo wa kikapu, waliovaa na wasiovaa hawakutofautiana kwa hilo kitakwimu. Ukiona pakiti inaahidi kulinda ubongo, rudi kwenye kipimo cha unene.

Nani asianze na ya kuchemsha

Mwenye waya za kunyoosha meno asiunde ya kawaida ya kuchemsha nyumbani. Plastiki laini inaingia chini ya vibanio na waya, ikipoa inajifunga, na kuitoa kunaweza kung'oa kibanio. Zaidi ya hapo, meno yanasogea kila mwezi, na kinga inayobana itapambana na kazi ya waya. Amuulize daktari wake: zipo za silikoni zilizotengenezwa kwa ajili ya waya, na za kupimwa zinazoachiwa nafasi.

Mwenye meno ya bandia ya kuvua ayavue kabla ya mchezo, na kinga iundwe bila hayo. Mwenye jino linalotikisika au linalouma atibiwe kwanza.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 yumo katikati ya kubadilisha meno. Kinga ya kupimwa ya bei ghali inaweza kuacha kumtosha ndani ya miezi michache. Kwake ya kuchemsha ya saizi ya watoto ni uamuzi mzuri, mradi mtu mzima ndiye anayeshika maji ya moto na anakubali kununua nyingine meno yakibadilika.

Wa mwisho ni mwenye meno ya juu yaliyotokeza sana mbele. Huyu anapigwa meno kabla ya midomo. Nitamrudia kwenye mfano.

Vitu vya kuwa navyo

Nunua kinga mbili za aina moja, si moja. Ya kwanza wengi huiharibu, na mwenye moja tu huivaa hivyohivyo ikiwa imeharibika. Chagua saizi kwa mdomo: kabla ya kuchemsha, ingiza kinga ikiwa ngumu. Inapaswa kufika angalau gego la kwanza kubwa kila upande bila kukutia kichefuchefu.

Ukiwa na kinga, weka tayari hivi:

- sufuria au birika, na bakuli pana la kumwagia maji ya moto
- bakuli la pili la maji baridi, ukipata barafu ni vizuri zaidi
- kijiko chenye matundu au koleo la jikoni
- saa inayoonyesha sekunde (ya simu inatosha)
- kioo cha kusimama mbele yake
- makasi makali madogo
- kalipa, ile ya fundi ya kupima unene. Ya plastiki ya bei nafuu inafaa

Wengi huruka kalipa. Usiiruke. Bila kipimo unabahatisha, na jicho halioni tofauti ya milimita 3 na milimita 1 kwenye plastiki iliyopinda.

Hatua za kuunda kinga ya kuchemsha

1. Pima kabla. Kwa ncha za kalipa, pima sehemu tatu: ukuta wa mbele pale meno mawili makubwa ya mbele yatakapokaa, sakafu ya chini ya meno hayo, na sakafu ya magego. Andika. Kinga nyingi nzuri huwa na milimita 3 hadi 4 mbele zikiwa mpya. Ikiwa mpya ina milimita 2 mbele, irudishe dukani, kwa sababu kuunda hakutaongeza.

2. Piga mswaki, kisha fanya zoezi kavu. Simama mbele ya kioo, ingiza kinga ngumu kwa vidole viwili vya gumba, ipeleke juu na nyuma mpaka mstari wake wa kati ulingane na mwanya wa meno mawili ya mbele. Rudia mpaka mkono uzoee. Kinga ikishalainika utakuwa na sekunde chache tu, na kinga iliyoingia upande haina dawa isipokuwa kuanza upya.

3. Chemsha maji, uyatoe motoni. Muda wa kusubiri na wa kutumbukiza ufuate pakiti yako, maana plastiki hutofautiana. Kuna jambo moja ambalo pakiti haikwambii: maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Mombasa na Dar es Salaam yanachemka karibu nyuzi 100. Nairobi ni kama 94, na Eldoret kama 93. Kwa hiyo anayefuata sekunde za pakiti akiwa Eldoret anaweza kutoa kinga ambayo bado ni ngumu kidogo, na wa Mombasa akaitoa imelegea na kujikunja. Wa nyanda za juu, usisubiri maji yapoe sana. Wa pwani, usiongeze hata sekunde moja juu ya ile iliyoandikwa.

4. Tumbukiza kwa kijiko. Isiguse kitako cha sufuria iliyo jikoni. Huko ina joto la kuichoma. Ikiwa tayari inang'aa kidogo na inainama kwa uzito wake, lakini bado ina umbo la kiatu cha farasi. Ikianza kufunga mikono yake ndani, imepita kiasi.

5. Ichovye kwenye maji baridi kwa sekunde moja. Unapoza ngozi ya nje isikuunguze midomo na ufizi, huku ndani ikibaki laini. Mtoto usimwekee kabla hujaigusisha kwenye mkono wako.

6. Ingiza, sukuma juu, usiume. Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa vidole gumba sukuma kinga juu mpaka meno yazame ndani. Funga midomo, nyonya kwa nguvu kama unayenyonya ubuyu, ili hewa na maji yatoke. Wakati unanyonya, bonyeza midomo na mashavu kwa vidole kutoka nje, kuanzia mbele kwenda nyuma, na kwa ulimi bonyeza kaakaa kutoka ndani. Plastiki inapaswa kushikwa kutoka pembeni, na meno ya chini yawe bado hayajaigusa.

7. Sasa funga mdomo polepole. Inua taya la chini mpaka meno ya chini yaiguse kinga na kuacha alama ya kina kifupi, isiyozidi kama milimita moja. Simama hapo. Usisogeze taya mbele wala pembeni, usitafune. Alama hizi ni za lazima ingawa ni ndogo: ngumi ikikupiga kidevu kutoka chini, meno ya chini yakiwa na mahali pa kutua pote kwa usawa, nguvu inagawanyika. Yakitua kwenye gego moja tu, gego hilo ndilo hupasuka. Endelea kunyonya na kubonyeza kwa sekunde 20 hadi 30.

8. Toa, itie kwenye maji baridi dakika mbili. Itoe kwa kushika pande zote mbili nyuma, usiivute kutoka mbele upande mmoja. Ikipoa, ivae tena na uende kwenye majaribio.

9. Jaribu kwa mdomo wazi. Fungua mdomo kabisa, tikisa kichwa, kohoa. Kinga isishuke. Isukume kwa ulimi: isitoke kirahisi. Kunywa maji, sema jina lako na la shule yako, kimbia mahali pamoja kwa dakika moja ukipumua kwa mdomo. Mchezaji anayekabwa huwa mdomo wazi anahema, na kinga inayokaa kwa kuumwa tu itakuwa imeshuka kabla bega la mwenzake halijafika.

10. Pima tena. Sehemu zilezile tatu. Lengo ambalo mafundi wa kinga za kupimwa hulitumia ni kama milimita 3 mbele na milimita 2 kwenye sakafu. Ukipata hivyo kwa ya kuchemsha, umefanya kazi nzuri. Kwa timu yangu, mbele ikishuka chini ya 2 au sakafu chini ya 1, kinga hiyo haiingii uwanjani. Irudie ikiwa pakiti inaruhusu kuchemsha tena, lakini ujue plastiki iliyokwisha kusambaa hairudi kuwa nene. Mara nyingi ni wakati wa ile ya pili uliyonunua.

11. Kata panapokera, mwisho kabisa. Ikiwa mkia wa nyuma unatia kichefuchefu, kata milimita mbili, jaribu, kata tena kama bado. Usiukate mbele ya gego la kwanza kubwa. Pale katikati, kile kiuzi cha nyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kinahitaji mwanya mdogo wa umbo la V. Bila mwanya huo kinga itakuchubua kila mechi.

Kuna kosa ambalo sijalitaja ndani ya hatua kwa sababu hutokea baadaye: kutafuna kinga wakati wa mapumziko, au kuichomoa nusu na kuiacha inaning'inia kwenye magego. Wiki chache za kutafuna zinamaliza ile milimita 2 ya sakafu uliyoihangaikia. Mchezaji wa namna hii nampima kinga kila mwezi, na huwa haamini namba anazoziona.

Mfano: kijana wa miaka 16 anayecheza mbele

Tuchukue kijana wa kidato cha tatu, huka kwenye skramu. Meno yake mawili makubwa ya juu yametangulia ya chini kwa milimita 6. Kawaida ni 2 hadi 3, na mwenye zaidi ya 3 ana hatari ya kuumia meno hayo ambayo ni kama maradufu.

Amenunua ya kuchemsha ya saizi ya wakubwa. Ikiwa mpya: mbele 3.8, sakafu ya mbele 3.5, sakafu ya magego 3.5. Anachemsha, anaingiza, anauma kwa nguvu zote kama rafiki yake alivyomwambia. Baada ya kupoa: mbele 1.6, sakafu ya magego 0.7. Ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha, alama za magego ya chini zinaonekana kama madirisha. Mdomoni inashika vizuri sana, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, kwa maana yeye ameridhika.

Anaunda ya pili kwa hatua za juu, akibonyeza kwa vidole na kugusa tu kwa meno ya chini. Mbele 2.7, sakafu ya magego 2.3. Hapo inakubalika kuingia nayo uwanjani Jumamosi.

Lakini tazama mahali ilipopungua. Kwa mwenye meno yaliyotokeza, plastiki inavutika zaidi hasa kwenye ukingo wa yale meno mawili, na kalipa ikiwekwa pale ukingoni inasoma 1.9. Sehemu ile anayoihitaji zaidi ndiyo nyembamba zaidi. Huyu ndiye ninayemwambia mzazi wake ampeleke akapimwe, hata kama itabidi kungoja mwezi ujao. Mchezaji wa pembeni mwenye meno yaliyopangika, ambaye ya kuchemsha imembakishia 3 mbele, simsukumi hata kidogo.

Ukienda kupimwa: mambo ya kuuliza

Kinga ya kupimwa nayo inaweza kuwa nyembamba. Karatasi ya plastiki ikishapashwa moto na kuvutwa juu ya sanamu ya meno, inapoteza robo hadi nusu ya unene wake, na inapotea zaidi kwenye ukingo wa meno ya mbele. Karatasi moja ya milimita 3 inaweza kukupa milimita moja na nusu pale unapoihitaji, yaani chini ya ile ya kuchemsha iliyoundwa vizuri. Kwa hiyo kabla ya kulipa:

1. Uliza inatengenezwa kwa karatasi ya unene gani, na ni tabaka moja au mawili. Kwa raga na ndondi omba tabaka mbili zilizoshindiliwa kwa mashine ya mgandamizo, au angalau karatasi ya milimita 4 hadi 5. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba kuongeza unene hadi karibu milimita 4 kunapunguza nguvu inayofika kwenye jino. Ukizidisha hapo faida ni ndogo, na kuongea na kupumua kunaanza kuwa taabu.

2. Mwambie daktari mchezo wako na nafasi unayocheza. Unene wa kinga ya mwanandondi si lazima uwe wa mchezaji wa kikapu.

3. Hakikisha anachukua alama ya meno ya chini pia, au anakuvalisha na kusawazisha sakafu ukiwa umefunga mdomo. Hii ndiyo faida ambayo ya kuchemsha huipata kwa shida: meno yote ya chini kutua kwa wakati mmoja.

4. Siku ya kuichukua, nenda na kalipa yako. Pima mbele yake. Fundi mwenye uhakika na kazi yake hatakasirika.

Taekwondo inataka kinga nyeupe au isiyo na rangi, na ndondi za ridhaa hukataa nyekundu kwa kuwa inaficha damu. Sema hivyo mapema kabla fundi hajachagua karatasi.

Inapokataa: dalili na dawa yake

*Inaanguka nikifungua mdomo.* Mara nyingi haikulainika vya kutosha au hukunyonya. Ukuta wa mbele haukuukumbatia ufizi. Chemsha tena kama pakiti inaruhusu, ongeza sekunde tano kama uko nyanda za juu, bonyeza zaidi kwa vidole hasa pembeni karibu na meno ya chonge.

*Inashika, lakini natapika.* Mkia ni mrefu au upande wa kaakaa ni mpana. Kata kidogokidogo. Kama kichefuchefu kinaendelea hata mkia ukiwa mfupi, saizi ni kubwa.

*Meno yananiuma nikiivua.* Kinga inabana jino moja. Kwa mtoto huenda jino jipya limeota na kusukuma. Usimlazimishe avumilie, iundwe nyingine.

*Naona matundu au nyufa.* Imekwisha. Hakuna gundi ya kuitengeneza.

*Ilikuwa inatosha, sasa hainitoshi.* Uliiacha wapi? Kinga iliyoachwa kwenye gari lililofungwa juani hupinda, na ukiiosha kwa maji ya moto ni hivyohivyo. Ioshe kwa maji baridi na mswaki, ikaushe, iweke kwenye kisanduku chenye matundu ya hewa. Kwenye soksi ndani ya begi la mazoezi inaota ukungu na kuchubua ufizi.

*Midomo ina vidonda kila baada ya mechi.* Pitisha kidole kwenye kingo zote. Palipo na ncha kali, kata na ulainishe kwa kijiko kilichochovywa kwenye maji ya moto.

*Jino limeumia na kinga ilikuwemo.* Inatokea, kwa aina zote. Likikatika kipande, kitafute, kitie kwenye maziwa au maji, nenda nacho. Mara nyingi daktari anaweza kukigandisha tena. Jino la ukubwani likitoka zima, lishike sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni, usiguse mzizi wala kuusugua. Likiwa na udongo, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji baridi, lirudishe kwenye tundu lake palepale uwanjani, mchezaji aume kitambaa safi, aende kwa daktari. Ikishindikana kulirudisha, litie kwenye maziwa yasiyochacha, ya ng'ombe au ya pakiti, si mala. Usilifunge kwenye karatasi, maana likikaa kavu zaidi ya saa moja nafasi ya kuliokoa inashuka sana. Jino la utotoni halirudishwi. Kwenye sanduku letu la huduma ya kwanza huwa kuna pakiti ndogo ya maziwa, nayo hubadilishwa kabla ya tarehe yake kupita.